Saa Nane Usiku ya Siku Ipi?

Tiketi ilikuwa imeandikwa kwa kalamu: Dar es Salaam hadi Tanga, Jumamosi, saa 12:00. Mpwa wangu, aliyezaliwa Marekani na kukulia huko, alifika stendi ya Mbezi saa tano na nusu mchana, begi mgongoni, chupa ya maji mkononi. Akanipigia simu. "Mjomba, mbona silioni basi letu?" Basi lilikuwa limeondoka alfajiri, kukiwa ndiyo kwanza kunapambazuka, na saa ile wenzake walikuwa wanakaribia kushuka Tanga. Karani hakukosea namba, na binti hakukosea kuisoma. Lilikosekana neno moja tu, "asubuhi", na kwa kukosekana kwake nauli nzima ikapotea.

Jioni ile tulikaa mezani na daftari la mistari. Aliniomba nimwandikie orodha ya maneno yetu ya wakati: kushoto Kiswahili, kulia saa kama simu yake inavyoiandika. Nilidhani ukurasa mmoja ungetosha. Tulimaliza baada ya wiki tatu, kurasa kumi na moja, na safu mbili tulizoanza nazo zikawa nne. Naeleza hapa jinsi tulivyofika huko, maana najua nyumba nyingi zenye watoto ughaibuni ambako daftari kama hili linahitajika.

Tulianza na hesabu yenyewe. Saa ya Kiswahili huhesabu saa zilizokwisha kupita tangu kuche. Jua linapochomoza bado hakuna saa ya mchana iliyopita. Ikitimia ya kwanza tunasema saa moja, na simu inaandika 07:00. Ikitimia ya sita jua liko utosini, ni saa sita mchana, 12:00. Ikitimia ya kumi na mbili mchana umekwisha, ni 18:00, na hesabu inaanza upya kwa ajili ya usiku. Waethiopia nao huhesabu hivi hivi, na Waganda pia. Saa ya kwenye simu huanza hesabu yake katikati ya usiku, watu wakiwa wamelala. Kati ya mianzo hiyo miwili kuna saa sita, na ndiyo maana kwenye saa ya ukutani jibu liko upande wa pili daima: mshale mfupi ukiwa kwenye 8, soma 2, ukiwa kwenye 3, soma 9. Mshale mrefu hauguswi. Dakika ni zilezile katika saa zote mbili.

Hapo wengi huishia, wakasema ongeza sita au toa sita. Mpwa wangu alijaribu kanuni hiyo usiku uleule ikamshinda kwenye kumi na mbili. Saa kumi na mbili asubuhi, aliongeza sita akapata kumi na nane, yaani jioni. Tatizo ni kwamba alilisikia neno "asubuhi" akaiweka saa hiyo kwenye fungu la mchana. Kwa hesabu, saa kumi na mbili asubuhi haimo katika mchana. Ni saa ya mwisho ya usiku, ile ya kumi na mbili tangu jua la jana litue. Tukaacha kugawa siku kwa asubuhi na jioni, tukaigawa kwa mafungu mawili ya hesabu. Fungu la mchana huanza saa moja asubuhi hadi dakika ya mwisho kabla ya saa moja ya usiku. Fungu la usiku huanza hiyo saa moja ya usiku hadi dakika ya mwisho kabla ya saa moja asubuhi.

Kwa fungu la mchana unaongeza sita, basi. Saa tatu ni 09:00, saa tisa ni 15:00, saa kumi na mbili na nusu jioni ni 18:30. Kwa fungu la usiku, saa moja hadi ya tano unaongeza kumi na nane: saa mbili usiku ni 20:00, saa tano usiku ni 23:00. Kuanzia saa sita unatoa sita: saa sita usiku ni 00:00, saa tisa usiku ni 03:00, saa kumi na mbili na nusu asubuhi ni 06:30. Tangu tulipoandika hivyo binti hakukosea tena.

Yeye ni mtu wa kompyuta, akataka orodha yote ijijaze yenyewe. Ukiwa na saa ya kawaida katika seli A2, namba ya Kiswahili hupatikana hivi:

```
=MOD(HOUR(A2)+5,12)+1
```

Ukiweka 07:00 inatoa 1, ukiweka 12:00 inatoa 6, ukiweka 06:00 inatoa 12. Inafanya kazi vizuri kwa sababu saa ya kwenye simu imebeba kila kitu ndani ya namba. Kwenda upande wa pili hakuna kanuni fupi kama hiyo. Ukiipa kompyuta "nane" peke yake, inaweza kuwa 14:00 au 02:00, na hakuna hesabu itakayochagua. Kwa hiyo katika daftari letu tulipiga marufuku namba kusimama peke yake. Kila mstari una namba na neno la kipindi, hata pale ambapo msomaji angekisia mwenyewe.

Mtego uliofuata ulikuwa kasorobo. Saa tatu kasorobo asubuhi ni 08:45, lakini mtoto aliyezoea kusoma tarakimu husikia "tatu" akaandika 09:45, kisha anachelewa saa nzima. Tuliamua kwamba maneno ya kasoro yaandikwe kwa hatua mbili: kwanza geuza saa iliyotajwa, tatu iwe tisa, ndipo utoe robo. Ukitoa kwanza ukageuza baadaye, unajikuta umeshika namba ambayo hakuna aliyeitamka.

Hii ni sehemu ya ukurasa wa pili, kama tulivyouacha:

saa moja na robo asubuhi, 07:15
saa tano kasorobo asubuhi, 10:45
saa saba mchana, 13:00
saa kumi alasiri au saa kumi jioni, 16:00
saa moja jioni au saa moja usiku, 19:00
saa sita kasorobo usiku, 23:45
saa saba kasorobo usiku, 00:45
saa kumi usiku au saa kumi alfajiri, 04:00

Utaona mistari mitatu ina "au". Juu ya hiyo tulibishana. Mama yangu, aliyelelewa Unguja, husema saa kumi alasiri, na jioni kwake ni pale jua linapokwisha kuwa jekundu. Mimi nimeishi bara miaka mingi nasema saa kumi jioni bila kufikiri. Binti alitaka lipi ni sahihi. Nilimwekea kipimo kimoja: je, maneno haya mawili yanampeleka msikilizaji kwenye saa mbili tofauti? Kama hayampeleki, yote mawili yanaingia. Saa kumi ya alasiri na saa kumi ya jioni zote ni 16:00, hakuna atakayekosa basi kwa ajili hiyo. Orodha inayofuta neno la bibi kwa sababu mjomba halitumii ni orodha mbovu.

Kipimo hichohicho kilitufanya tuligawe neno jingine mara mbili. Binti aliugua tumbo, akarudi na bahasha ya dawa imeandikwa 1x3, na mdomoni aliambiwa "kimoja kutwa mara tatu". Alikuwa ameshajifunza kutoka kwetu kwamba kutwa ni mchana wote hadi jua kuzama, ndiyo maana tunasema "nimeshinda shambani kutwa" na kwa usiku tunasema "kucha". Basi akapanga vidonge vitatu ndani ya mchana: asubuhi, adhuhuri, jioni, kisha usiku mzima bila kitu. Mtoa dawa alikusudia kitu kingine. Kwake kutwa ni siku nzima, saa 24, na dawa ile ilitakiwa kila baada ya saa nane. Tulikaa tukahesabu: kidonge cha kwanza saa moja asubuhi, cha pili saa tisa alasiri, cha tatu saa tano usiku, kisha saa moja tena. Kwenye simu, 07:00, 15:00, 23:00. Katika daftari "kutwa" ina mistari miwili, mmoja wa nyumbani na mmoja wa zahanati, na ule wa zahanati una maelezo: uliza kila baada ya saa ngapi.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa usiku wa manane, na hapo ndipo safu ya tatu ilipozaliwa, safu ya tarehe.

Tiketi yake ya ndege ya kurudi ilisema Jumatano tarehe 14, 01:40. Kugeuza saa ni rahisi: saa nane kasoro dakika ishirini usiku. Lakini mama yangu alipouliza anaondoka lini, binti alijibu, "Jumatano usiku, bibi." Bibi akaanza kupanga chakula cha kuagana cha Jumatano mchana. Mchana huo mjukuu wake angekuwa ameshavuka bahari. Kwa mazungumzo yetu ya kawaida, Jumatano usiku ni usiku unaokuja baada ya mchana wa Jumatano. Saa 01:40 ya Jumatano iko katika usiku unaoanza Jumanne jioni. Usiku mmoja wa Kiswahili, kuanzia saa moja hadi saa kumi na mbili, unabeba tarehe mbili za kalenda, na tarehe hubadilika saa sita kamili bila mtu yeyote kusema neno. Tazama tena mistari miwili ya pale juu: saa sita kasorobo usiku bado ni leo, saa saba kasorobo usiku ni kesho, na watu wamekaa barazani palepale.

Lugha ilishalijua tatizo hili na ina dawa yake. Tunasema "usiku wa kuamkia Jumatano", na watangazaji wa redio husema "usiku wa kuamkia leo" kila palipo na ajali au mvua kubwa. Maneno hayo hayana utata, kwa sababu yanautaja usiku kwa asubuhi utakayoizaa. Tukaandika kanuni kwenye jalada la daftari: kwa saa yoyote kati ya saa sita usiku na alfajiri, andika "usiku wa kuamkia" pamoja na siku ya tarehe iliyoko kwenye tiketi. Ndege ya 01:40 Jumatano ni saa nane kasoro dakika ishirini, usiku wa kuamkia Jumatano. Na kwa kuwa uwanjani hutakiwa kufika saa tatu kabla, safari yake ya uwanjani ilikuwa Jumanne, awe amefika saa tano kasoro dakika ishirini usiku, yaani 22:40. Mstari mmoja wa tiketi ulizaa siku mbili katika daftari.

Mama aliongeza jambo ambalo sikutaka lipotee. Kwa wazee wa pwani siku mpya huanza jua likizama, kama ilivyo katika kalenda ya Kiislamu. Wao wakisema usiku wa Ijumaa wanakusudia ule unaoingia Alhamisi magharibi. Kwa hiyo mwaliko wa hitima wa "usiku wa Ijumaa" unaweza kumaanisha mambo mawili kulingana na umri wa aliyeandika. Hapo hakuna kanuni ya kuandika. Tuliweka alama ya kuuliza na maneno "mpigie mwenye shughuli". Majina ya siku zenyewe yana kisa chao. Hesabu huanza baada ya Ijumaa: Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili, hadi Jumatano ya tano. Kisha inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano, kwa kuwa Waarabu wanaanzia Jumapili. Wiki yetu ina tano mbili zinazofuatana.

Safu ya nne ni ya maneno yasiyo na namba. Hapa binti alitaka kila neno lipewe saa yake, na hapa nilikataa. Magharibi ni jua kuzama, na jua la Dar es Salaam huzama mapema zaidi mwezi Mei na kuchelewa zaidi Februari, tofauti ya zaidi ya nusu saa. Ukiandika magharibi = 18:30, umeandika uongo kwa siku nyingi za mwaka. Tuliandika kinachotokea badala ya saa: magharibi, jua limezama. Alfajiri, weupe wa kwanza upande wa mashariki. Mafungulia ng'ombe, asubuhi mifugo inapotolewa zizini kwenda malishoni. Usiku wa manane, ndani yake unaisikia nane, lakini watu hulitumia kwa usiku wote ule uliokuwa mzito, si kwa 02:00 pekee. Majogoo, jogoo wanawika na kungali giza. Hata saa yenye namba inaweza kulegezwa makusudi: mtu akikwambia "mishale ya saa nne" au "saa nne hivi", hajakupa 10:00, amekupa ruhusa ya kufika kabla kidogo au baada.

Kuna jambo moja hapa ambalo hata mimi nililijua nikiwa nimeshakuwa mtu mzima. Tunasema saa yetu inahesabiwa tangu jua kuchomoza, na Dar es Salaam kauli hiyo inakaribia ukweli, kwani jua hutoka karibu na saa kumi na mbili asubuhi au dakika kadhaa baadaye mwaka mzima. Nilipofika Kigoma mara ya kwanza, ilikuwa Julai, niliamka saa kumi na mbili na nusu, nikatoka nje nikakuta giza halijaisha. Jua lilitoka saa moja ikiwa imeshapita. Kigoma iko mbali magharibi, na jua la huko huchelewa karibu dakika arobaini nyuma ya Dar es Salaam, lakini saa ya serikali ni moja nchi nzima. Namba zetu zinafuata saa hiyo ya serikali. Zimeacha kulifuata jua lenyewe. Ukipanda chombo kwenda Bujumbura, unarudisha saa nyuma kwa saa moja, na ile saa mbili asubuhi ya Kigoma inakuwa saa moja asubuhi, jua likiwa palepale. Kwa ajili hiyo tuliandika jina la mji juu ya kila ukurasa wa macheo na machweo.

Tulimalizia na siku. Jana, juzi, leo, kesho, kesho kutwa, hayo kila mtu anayo. Mama akaendelea: mtondo, siku inayofuata kesho kutwa, mtondogoo, inayofuata mtondo. Leo ikiwa Jumatatu, mtondo ni Alhamisi na mtondogoo ni Ijumaa. Binti aliyafurahia kuliko maneno yote ya daftari, kwa kuwa Kiingereza chake hakikuwa na neno moja moja kwa siku hizo. Mimi nilimtahadharisha: vijana wengi wa mjini hawayajui, akimwahidi mtu mtondo ataje na jina la siku. Kwa upande wa nyuma tulikuwa na "juzi" tu, na juzi ina hila yake, maana mtu akisema "juzijuzi hapa" anaweza kuwa anazungumzia mwezi uliopita.

Kabla hajasafiri tulijaribu daftari kwa njia moja tu. Mama anataja wakati kwa mdomo, binti anauandika kwa tarakimu kwenye karatasi, mimi naisoma ile karatasi bila kusikia alichosema mama, naurudisha kwa Kiswahili. Ukirudi kama ulivyotoka, mstari unabaki. Mistari sita haikurudi salama, na yote sita ilikuwa na kosa lilelile: tuliandika saa tukasahau kipindi, au tuliandika usiku tukasahau tarehe.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaokata tiketi, wanaochapisha kadi za harusi na wanaoandika bahasha za dawa. Kadi inayosema "saa 2:00 usiku" mgeni aliyetoka mbali ataisoma 02:00, na ukumbi atauta umefungwa. Andikeni namba zote mbili na neno la kipindi: 20:00, saa mbili usiku. Na shughuli ikivuka saa sita, ongezeni siku inayoamkiwa.